Milimita Moja Kwenye Ncha ya Mzizi

Mwaka 1990 Ulf Sjögren na wenzake wa Chuo Kikuu cha Umeå, Uswidi, walichapisha matokeo ya meno yaliyotibiwa mizizi na kufuatiliwa kwa miaka 8 hadi 10. Sehemu ya meno hayo yalikuwa yameharibika vibaya: kiini kimekwisha kufa, na maambukizi yameanza kula mfupa kwenye ncha ya mzizi. Katika kundi hilo, pale ambapo kijazo kiliishia ndani ya milimita 2 kutoka nchani, meno 94 kati ya kila 100 yalipona. Kijazo kilipopita ncha na kutokeza nje ya mzizi, yalipona 76. Kilipoishia mbali, zaidi ya milimita 2 kabla ya kufika nchani, yalipona 68 tu.

Mgonjwa aliyelala kwenye kiti cha daktari wa meno haoni tofauti hiyo. Anachohisi ni ganzi, mlio wa mashine, na sindano nyembamba za chuma zinazoingia na kutoka ndani ya jino. Sindano hizo ni faili, na kila moja ina kipande kidogo cha raba kinachosogezwa juu na chini kwenye shina lake. Daktari anaposhusha faili, raba hugusa kilele cha jino na kumwambia asimame. Umbali kati ya raba na ncha ya faili ndio urefu wa kazi. Faili zote zitakazofuata, sindano ya kuoshea na kijazo cha mwisho vitaufuata urefu huo. Ukikosewa mwanzoni, kila kinachofuata kitarudia kosa lile lile kwa uaminifu.

Basi kwa nini usipimwe tu mpaka kwenye ncha ya mzizi, jambo likaisha?

Jibu lilitolewa mwaka 1955 na Yury Kuttler, daktari wa meno wa Meksiko aliyechunguza ncha za mizizi kwa hadubini. Alionyesha kwamba tundu ambalo mishipa ya damu na ya fahamu hupitia kuingia ndani ya jino mara nyingi halipo kwenye ncha yenyewe. Kwa vijana wa miaka 18 hadi 25, tundu lilikuwa limekaa pembeni katika mizizi 68 kati ya 100. Kwa waliopita miaka 55, lilikaa pembeni katika 80, kwa sababu mzizi huendelea kujengewa tabaka jipya nchani kadiri mtu anavyozeeka. Kuttler alionyesha pia kwamba mfereji hauishi kwa upana mmoja. Hubana kwanza, kisha hufunguka tena kuelekea tundu la nje, mfano wa shingo ya kibuyu. Kati ya mbano huo na tundu kuna kama nusu milimita, na kwa wazee zaidi kidogo.

Mbano huo ndio mpaka wa kazi. Ndani yake ni jino, na humo daktari anaweza kukwangua, kuosha na kujaza. Nje yake ni utando hai unaoshikilia jino kwenye mfupa, wenye damu na fahamu zake, na mwili hauhitaji faili huko. Tatizo ni kwamba mbano wenyewe hauonekani. Uko ndani ya mzizi, mzizi uko ndani ya mfupa, na mfupa umefunikwa na fizi.

Mtu wa kwanza kujaribu kuuona mwisho wa mfereji bila kubahatisha alikuwa Edmund Kells wa New Orleans, Marekani. Mwaka 1899, miaka minne tu baada ya Röntgen kugundua mionzi ya eksirei, Kells aliingiza waya wa risasi ndani ya mfereji wa jino na kupiga picha ili aone umefika wapi. Njia hiyo haijafa. Hadi leo daktari hupiga picha ya kwanza kabla hajaanza, hupima jino kwenye picha, hupunguza milimita 1 kwa tahadhari, kisha huingiza faili yenye urefu huo na kupiga picha ya pili. Faili inayotumika kwa picha huwa angalau namba 15, yaani yenye ncha ya upana wa milimita 0.15, maana ncha iliyo nyembamba zaidi hufifia kwenye picha.

Picha ina mengi ya kusema. Inaonyesha mizizi mingapi, imepinda wapi, na mfupa umeliwa kiasi gani. Lakini ni kivuli, na kivuli hakina kina. Bomba la eksirei likiinamishwa kupita kiasi, jino hufupika kwenye picha. Likiinuliwa kupita kiasi, hurefuka. Katika magego ya juu, mfupa wa shavu huja kukaa juu ya ncha za mizizi zisionekane vizuri. Kubwa kuliko yote, picha haioni tundu. Inaona ncha ya mzizi tu, na Kuttler alikwisha kuonyesha kwamba hivyo ni vitu viwili.

Njia ya pili ilitoka Japani. Mwaka 1942 Suzuki, akifanya majaribio kwa mbwa, aliona kwamba ukinzani wa umeme kati ya faili iliyo ndani ya mfereji na ngozi laini ya mdomo haubadilikibadiliki. Mwaka 1962 Sunada alichukua wazo hilo akalileta kwa wagonjwa. Alipata kwamba faili ikigusa utando ulioko nje ya tundu, ukinzani huwa karibu kiloomu 6.5, bila kujali ni jino gani wala umri wa mgonjwa. Kwa hiyo kumbe mwisho wa mzizi ungeweza kutambuliwa kwa umeme mdogo mno, usiohisiwa na mgonjwa. Vifaa vya mwanzo vilikuwa na kasoro moja kubwa: mfereji ukiwa na majimaji, vilidanganyika. Ilibidi jino likaushwe, na jino linalotibiwa haliishi unyevu.

Kasoro hiyo iliondolewa kwa sehemu kubwa mwaka 1991, Kobayashi na Suda walipobuni njia ya kupima kwa mikondo miwili kwa wakati mmoja, mmoja wa hezi 400 na mwingine wa hezi 8,000. Faili ikiwa bado mbali, mikondo yote miwili hukutana na ukinzani unaokaribiana. Ikikaribia mbano, tofauti hujitokeza kwa haraka, na kifaa husoma uwiano wa viwili hivyo badala ya ukinzani mmoja. Kwa kuwa ni uwiano, majimaji ya ndani ya mfereji hayaupotoshi sana. Kifaa kilichotokana na kazi hiyo ni Root ZX cha kampuni ya Morita, na vifaa vingi vya kupima ncha ya mzizi vilivyofuata vimejengwa juu ya wazo la kupima kwa mikondo zaidi ya mmoja. Mwaka 1996 Shabahang na wenzake walikijaribu kwenye meno hai kabla ya kuyang'oa, kisha wakayachunguza baada ya kung'olewa. Katika mifereji 96 kati ya 100, kifaa kilikuwa kimepata tundu kwa kosa lisilozidi nusu milimita.

Kukitumia ni kazi rahisi kwa macho. Ndoano moja huning'inizwa kwenye mdomo wa chini wa mgonjwa, kibano kingine hushika shina la faili, na faili huteremshwa taratibu. Kwenye kioo mistari hupanda, mlio huongezeka kasi, hadi neno APEX linapowaka. Hapo daktari ajue kwamba ameligusa tundu la nje, si mbano. Hurudisha faili nusu milimita, husogeza raba mpaka iguse kilele cha jino, kisha hutoa faili na kuipima kwenye rula. Tarakimu za kwenye kioo zisimdanganye. Namba 1 au 2 haimaanishi milimita 1 au 2 zimebaki; ni alama za kusogelea tu, na kipimo cha kuaminika ni kile kinachopatikana faili ilipofika APEX na kurudishwa.

Sasa tuchukue mfano wa kuonyesha jinsi njia hizi mbili zinavyoweza kupingana. Mama wa miaka hamsini na kitu anafika kliniki na gego la kwanza la juu, upande wa kulia. Jino halisikii baridi, likigongwa linauma, na picha inaonyesha doa jeusi nchani. Gego hilo lina mizizi mitatu na mara nyingi mifereji minne. Tutazame miwili.

Wa kwanza ni mfereji wa mzizi wa mbele upande wa shavuni. Kwenye picha ya mwanzo unaonekana kuwa na milimita 20. Daktari anateremsha faili namba 10, na ikiwa milimita 14 tu ndani, kifaa kinawaka APEX. Kuna uwezekano wa mambo mawili. Labda faili imetoboa ukuta wa mzizi na kutokea kwenye utando, na hilo ni ajali ya kweli. Au kuna kitu kinachopitisha umeme njia ya mkato. Jino hili lina ziba la zamani la rangi ya fedha, ambalo kipande chake kimebaki ukutani, na sakafu ya tundu alilochimba daktari imejaa dawa ya kuoshea. Faili ikigusa ziba, au dawa ikiunganisha faili na fizi, umeme haupiti kwenye ncha kabisa. Hupita juu, na kifaa husema umefika.

Daktari anaondoa ziba lote, anakausha sakafu kwa pamba huku akiacha unyevu ndani ya mfereji wenyewe, na anapima tena. Mistari sasa inapanda kwa utulivu, bila kurukaruka, na APEX inawaka kwenye milimita 20. Anarudisha nusu, anapata 19.5. Picha aliyokuwa nayo tangu mwanzo ndiyo iliyomshtua kwamba 14 haiwezekani. Bila hiyo, angeacha zaidi ya milimita 5 za mfereji mchafu ndani ya mzizi.

Mfereji wa pili ni wa mzizi wa ndani, ulio upande wa kaakaa. Kwenye picha ya mwanzo, kutoka kilele cha jino hadi ncha ya mzizi ni milimita 21.5. Toa 1, inabaki 20.5. Kifaa lakini kinawaka APEX kwenye 19.5, na kila anaporudia, jibu ni lile lile. Kwa hesabu ya kifaa, urefu wa kazi ni 19. Anapiga picha faili ikiwa kwenye 19, na picha inaonyesha ncha ya faili iko milimita 2 na nusu kabla ya ncha ya mzizi.

Hapa ndipo mkono unapowashwa. Macho yanasema bado, ongeza milimita moja na nusu. Lakini mzizi wa kaakaa wa gego hilo una desturi ya kupinda kuelekea shavuni, na mionzi hupigwa kutoka shavuni. Mpindo unaomwelekea mpiga picha hauonekani kama mpindo. Tundu limetokea ubavuni mwa mzizi, upande wa shavu, na ncha inayoonekana kwenye picha ni tope la mzizi lililoendelea mbele bila mfereji ndani yake.

Kuna kipimo cha tatu kinachoamua, nacho hakihitaji umeme. Mfereji ukishatanuliwa na kukaushwa, daktari huingiza kijiti cha karatasi ya kunyonya hadi milimita 20.5 na kukitoa. Kijiti kinatoka kikavu, ila milimita 1 ya mwisho imelowa damu. Maana yake karatasi ilitoka nje ya jino kwenye 19.5, pale pale kifaa kiliposema. Urefu wa kazi unabaki 19. Aliyeifuata picha peke yake angefanya kazi kwenye 20.5, milimita nzima nje ya mzizi, huku picha zake zote zikionekana safi.

Kwa sababu hiyo, kifaa na picha visichukuliwe kama vibadala, kwamba mwenye kimoja hana haja na kingine. Kifaa huona tundu na hakioni kitu kingine. Picha huona kila kitu isipokuwa tundu. Vikipishana kwa nusu milimita, kifaa kifuatwe. Vikipishana kwa milimita mbili tatu, kazi isimame mpaka sababu ijulikane.

Turudi kwa yule aliyepita kwenye 20.5. Faili ya kwanza iliyotoka nje ilikuwa nyembamba, na pengine isingeleta madhara makubwa. Lakini zikafuata namba 25, 30 na 35, zote kwa urefu ule ule. Mbano umepasuliwa, na tundu la duara limekuwa refu kama chozi. Kila faili imesukuma nje vumbi la mzizi na vijidudu vilivyokuwa ndani, na mgonjwa ambaye jana alikuwa na maumivu madogo anaamka usiku wa pili shavu limevimba. Kisha kijazo, ambacho kinapaswa kukwama kidogo kinapofika mwisho, kinateleza bila kushikwa na kitu.

Dalili hujitokeza mapema kwa anayezitazama. Damu inayorudi ndani ya mfereji kila ukikaushwa ni mojawapo. Mgonjwa kushtuka ghafla faili inapofika mwisho, ingawa kiini kilikwisha kufa, ni nyingine. Daktari aliyegundua kosa hilo hupima upya, hurudi ndani kama milimita 1 na kutengeneza kituo kipya kwa faili nene zaidi, au huziba tundu lililopanuka kwa saruji maalumu ya meno kabla ya kujaza.

Hatari kubwa zaidi ni ya dawa ya kuoshea. Inayotumika sana ni hipokloriti ya sodiamu, ambayo ndiyo kiini cha dawa za maji za kung'arishia nguo nyeupe. Ndani ya mfereji huyeyusha nyama iliyokufa na kuua vijidudu. Nje ya mfereji huyeyusha nyama iliyo hai. Sindano yake inapaswa kuishia kama milimita 2 kabla ya urefu wa kazi na isibane ukutani, na bomba lisukumwe polepole. Urefu ukiwa umekosewa na tundu limepasuliwa, dawa hupenya: maumivu makali ya ghafla hata kwenye ganzi, uvimbe ndani ya dakika chache, na michubuko usoni inayodumu siku nyingi.

Katika taya la chini kuna jambo jingine. Mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini na kidevu hupita chini ya mizizi ya magego, wakati mwingine karibu sana. Faili, dawa au kijazo kilichopita ncha kinaweza kuubana au kuuunguza.

Kosa la kuishia njiani halina kelele kama hilo, na pengine ndiyo maana huvumiliwa zaidi. Mgonjwa haumwi, anaondoka ameridhika. Ndani ya milimita zilizoachwa, vijidudu vinaendelea na maisha yao, na miaka miwili baadaye doa jeusi nchani halijapungua au limeongezeka. Nora Chugal na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2003, waliona kwamba katika meno yenye maambukizi nchani, kila milimita iliyopotea kwenye urefu wa kazi iliongeza uwezekano wa kushindwa kwa asilimia 14.

Mara nyingi daktari hakukusudia kuishia njiani. Alianza na urefu sahihi, ukampotea mkononi. Vumbi la mzizi hujikusanya mbele ya faili na kushindiliwa kama udongo, hasa asipoosha baada ya kila faili. Au katika mfereji uliopinda, faili nene na ngumu hukataa kupinda na kuchimba kituo ukutani. Baada ya hapo kila faili hugota pale pale. Anayejua huhisi tofauti kwa vidole: mwisho wa kweli hushika faili, ila ukuta huigonga tu. Dawa yake ni kurudi kwenye faili namba 10, kuikunja ncha kidogo, na kuutafuta mfereji taratibu ukiwa na maji mengi.

Kuna pia makosa madogo ambayo hayahusu mfereji kabisa. Raba hulegea na kupanda shinani bila mtu kuona. Kilele cha jino kilichotumika kupimia kilikuwa dhaifu, kikavunjika katikati ya kazi, na kipimo cha 19 sasa kinaanzia chini zaidi. Mfereji uliopinda, ukishatanuliwa juu, hunyooka na kufupika, hata kwa nusu milimita au zaidi. Urefu uliopimwa asubuhi si urefu wa baada ya saa moja. Kwa hiyo kupima mara moja hakutoshi. Hupimwa mwanzoni, hupimwa tena baada ya sehemu ya juu kutanuliwa, na picha hupigwa kijazo kikiwa ndani kabla hakijakatwa.

Si kila kliniki ya Afrika Mashariki ina kifaa cha umeme, na kazi nzuri imefanywa na inaendelea kufanywa kwa picha, vidole na vijiti vya karatasi. Kisichokubalika ni kujaza mzizi bila kipimo chochote, bila hata picha moja faili ikiwa ndani. Mgonjwa ana haki ya kuuliza urefu wa jino lake ulipimwaje na kuonyeshwa picha ya mwisho. Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo amwambie daktari mapema, kwa kuwa watengenezaji wengi wa vifaa hivi wanataka tahadhari. Kuuma kidogo kwa siku mbili tatu baada ya matibabu ni kawaida. Lakini uvimbe unaokua haraka, au mdomo wa chini unaobaki na ganzi siku ya pili, si wa kusubiri uishe wenyewe: mgonjwa arudi kwa daktari siku hiyo hiyo, kwa maana mshipa wa fahamu uliobanwa huwa na nafasi nzuri zaidi ya kupona ukiachiliwa ndani ya siku moja au mbili za mwanzo.